Shajara ya mradi: Je, Mkama Ndume wa Pujini aliishi kweli?

Jumamosi, 4 Januari 2025. Kibao na sentensi moja

Vijana wa kwetu wanataka kuweka kibao pembeni mwa njia inayokwenda kwenye magofu ya Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake. Mimi ni mwalimu wa historia, basi kazi ya kuandika maneno nikaachiwa mimi. Nikaandika kwa dakika kumi: "Hapa palikuwa na ngome ya Mfalme Mkama Ndume, aliyetawala Pemba katika karne ya 15." Nikadhani nimemaliza.

Kijana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, umejuaje?" Nikafungua mdomo, nikaona sina jibu ila kwamba kila mtu anajua. Ndiyo maana ya shajara hii. Naiandika ili mwenye mfalme wake kwao, awe wa Tumbatu au wa Mafia, aone tulivyokwenda, na wapi tulijikwaa.

Kwa wasiomjua: Mkama Ndume husimuliwa kuwa mtawala dhalimu. Aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome vichwani huku wakijisogeza kwa makalio. Ndani ya ngome kipo kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Husemwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, mmoja akiteremka ngazi kuchota na mwenzake akivuta kwa ndoo na kamba, wasionane. Na jina lenyewe linatisha: anayeweza kumkama dume hashindwi kumkamua mtu.

Gharama ya leo: bodaboda kwenda na kurudi, 10,000.

Jumamosi, 18 Januari. Mashahidi tisa

Wiki mbili nimezunguka kwa wazee, Pujini na vijiji vya jirani. Nimewapata tisa, wanaume watano na wanawake wanne. Rekodi mbili za kwanza zimeharibika kwa upepo. Nilikaa nje barazani na simu nimeiweka juu ya mkeka. Tangu hapo naandika kwa mkono kwanza, simu ni ya akiba.

Wote tisa wamesema mawe. Wote wamesema kisima. Wanane wamesema wake wawili, mmoja akasema mke na suria. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana. Mashahidi tisa, maneno mamoja! Nikawaandikia vijana kwamba tumethibitisha.

Gharama: sukari na majani ya chai kwa wenyeji wangu, 24,000.

Jumapili, 26 Januari. Kosa langu la kwanza

Nimefuta ule ujumbe. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo kosa rahisi kuliko yote.

Bibi mmoja, wa saba katika orodha yangu, alinihadithia vizuri kupita wote. Wakati wa kuaga nikamwuliza tu kwa mazungumzo: "Bibi, haya uliyasikia kwa nani?" Akacheka. "Mwanangu, haya mjukuu wangu kanisomea. Kwenye daftari lake la skuli. Mimi mama yangu alikuwa akitutisha tu: ukilia atakuja Mkama Ndume."

Nikarudi kwa wote tisa na maswali mawili ambayo nilitakiwa kuanza nayo: ulisikia kwa nani, na ulikuwa na umri gani? Nikayachora majibu kama mti wa ukoo. Watatu walipata habari skuli, au kwa watoto waliosoma skuli. Wawili walisikia kwa watu wanaotembeza wageni, na hao nao wamesoma vitabu. Wanne waliobaki walisikia kwa wazazi, ila watatu kati ya hao ni wa nyumba moja, watoto na wajukuu wa mtu mmoja. Mashahidi wangu tisa wamekuwa wawili wa masimulizi ya kale, na vitabu.

Kitu kilichonisaidia kuona hili zaidi ni jina. Wale waliopitia skuli au vitabu husema jina lake halisi lilikuwa Mohamed bin Abdulrahman. Wale wanne wa masimulizi ya nyumbani hawalijui kabisa. Kwao ni Mkama Ndume basi. Ukitaka kujua maji yametoka mto gani, tafuta takataka iliyo ndani yake: neno la ajabu au jina kamili lisilo la lazima. Walio nalo wamechota pamoja.

Haina maana kwamba wazee wamedanganya. Maana yake ni kwamba kukubaliana kwao hakuhesabiki mara tisa.

Jumapili, 9 Februari. Unguja

Nimekwenda Unguja kutafuta maandishi ya zamani zaidi. Nilikaa kwa dada yangu. Niliyoyapata ni haya: hadithi ya Mkama Ndume imo katika vitabu vya maofisa wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20. Pearce ameiandika katika kitabu chake cha 1920, na Ingrams akafuata 1931. Hao nao walihadithiwa na wenyeji, na vitabu vyao ndivyo vilivyolisha vingi vya baadaye.

Sasa upande wa pili. Magofu ya Pujini yalichimbwa na Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa vigae vya vyombo, vikiwemo vilivyoletwa kutoka nje, majengo yamewekwa kwenye karne ya 15 na mwanzo wa 16. Toa hesabu: baina ya mtu huyo, kama alikuwapo, na kalamu ya kwanza niliyoishika mimi, ni miaka kama 400. Ni vizazi kumi na sita hivi, mdomo kwa sikio, na katikati wamepita Wareno, Waomani na mashamba ya karafuu yaliyobadilisha nani anakaa wapi.

Hapa nikafanya kosa la pili. Nilipoona "karne ya 15" nikasema moyoni: basi, mfalme kapatikana. Siku nzima nilitembea na wazo hilo. Lakini kigae kinaeleza ukuta ulijengwa lini. Hakijui aliyeamuru ujengwe aliitwa nani. Tarehe ile ya "karne ya 15" ilitoka kwenye udongo, sisi tukamvika mfalme wa hadithi, kisha tukaitumia kumthibitisha mfalme huyo huyo. Sentensi yangu ya kibao ilikuwa imefanya hivyo hivyo bila ya mimi kujijua.

Uchimbaji umesema jambo moja zito, hata hivyo. Ngome ni ya kama hekta moja na nusu, imezungushiwa boma na handaki, na ndani kimo chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililochorwa kwa chokaa ukutani. Siwa haipigwi na mtu yeyote tu; ni pembe ya enzi pwani yote hii. Kwa hiyo mtu mwenye cheo, na mwenye uwezo wa kuwatumikisha watu wengi, alikuwapo Pujini. Hilo halina ubishi tena kwangu. Jina lake ndilo swali.

Gharama: boti kwenda na kurudi 70,000, kutoa kopi 12,000.

Jumanne, 11 Februari. Kizimkazi, kabla sijarudi

Shemeji yangu alikuwa na safari ya kusini, nikajidandia. Nilitaka kuona mfano ambao jibu lake linajulikana, ili nijue vipimo vyangu vinafanya kazi au la.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kiarabu ya Kikufi kwenye mihrabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yamemtaja aliyeamuru ujenzi: Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hassan bin Muhammad. Na mji huo huo una hadithi ya mfalme. Aliitwa Kizi, na fundi wake aliitwa Kazi. Msikiti ulipokwisha mfalme akamkata fundi mkono asije kujenga mwingine mfano wake. Kizi na Kazi, ndio Kizimkazi.

Umeona? Jiwe halimjui Kizi, wala hadithi haimjui Musa. Mtu aliyekuwapo kweli amesahauliwa na kila mdomo, na anayekumbukwa ametengenezwa kutokana na jina la mahali. Mfalme ambaye ukiondoa jina la mji hakibaki kitu chake, huyo mimi simpi kiti. Na lile la kumkata fundi mkono nimelisikia likihadithiwa kwa majengo mengine duniani, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Gharama: 6,000, na juisi ya miwa.

Jumamosi, 22 Februari. Njia ya mkato iliyonipoteza

Wiki hii nimeipoteza, naiandika kwa kifupi kwa aibu. Mtu alinikumbusha kwamba wafalme wa Bunyoro huitwa Omukama, na kwamba wako wanaolieleza neno hilo kwa kukama maziwa. Nikaruka! Mkama wetu ni cheo, si jina la kashfa. Tulikuwa na ufalme wa aina ya bara! Nikajaza kurasa sita.

Kisha nikajiuliza ni kitu gani kingine, mbali na sauti ya neno, kinachounganisha Pemba na maziwa makuu katika karne hiyo. Kigae? Hakuna nilichokisoma. Hadithi? Hakuna hata mzee mmoja aliyemtaja mfalme wa bara. Kitenzi kukama kimo katika Kiswahili na katika ndugu zake wengi, kwa hiyo kufanana kunajieleza bila ya safari yoyote. Neno "ndume" nalo linabaki limening'inia: cheo kingelitaka la nini? Kwa Kiswahili cha kawaida lina maana kamili, na ni maana ya kuuma. Kurasa sita zimekwenda kuwashia jiko.

Machi. Ramadhani. Hakuna kazi iliyofanyika.

Jumamosi, 12 Aprili. Mtambwe Mkuu, na mfalme aliyepona

Kisiwani humu humu kuna mfano wa kinyume na Kizi, na ndio ulionifundisha zaidi.

Tarikhi ya Kilwa iliandikwa karne ya 16. Mwanzilishi wa wafalme wa Kilwa ndani yake ni Ali, mtoto wa mtawala wa Shirazi, aliyekuja na ndugu zake kwa majahazi. Anasemwa alikinunua kisiwa kwa nguo za kuweza kukizunguka chote, hata akaitwa Nguo Nyingi. Ni hadithi ya kuanzisha ukoo, yenye majahazi saba na biashara ya ajabu. Kwa kipimo changu cha Kizimkazi ningemtupa.

Lakini Kilwa zimepatikana sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hassan. Sarafu hizo hazina mwaka wala mahali. Upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya vina yenye maana ya kumtegemea Mola wa neema. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka mtu huyo karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984 ikapatikana Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo cha upande wa Wete, hazina ya zaidi ya sarafu 2000 ndogo za fedha, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za nchi za nje zenye tarehe, za karibuni kabisa zikiwa za miaka ya 1060. Jina la Ali bin al-Hassan limo. Sarafu zisizo na mwaka zilikuwa zimelala na sarafu zenye mwaka, na mfalme akarudi nyuma zaidi ya karne nzima, hadi karne ya 11.

Nilikwenda Mtambwe maji yakiwa yametoka, nikavuka kwa miguu nimekunja suruali. Hakuna cha kuona ila mikoko na mawe. Nilitaka tu kukaa pale nifikiri.

Jambo la kuangalia ni sarafu zimethibitisha nini. Zimethibitisha kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo mwenye mamlaka ya kutoa fedha, wakati ule, katika bahari hii. Hazikuthibitisha Shirazi. Hazikuthibitisha majahazi wala nguo. Hata jina lenyewe halikukaa sawasawa: vitabu vinayumba baina ya Hassan na Hussein, sarafu inasema Hassan. Basi mfalme anaweza kuwapo, na hadithi yake nzima ikabaki inaning'inia.

Na Nguo Nyingi haimo kwenye sarafu. Haingekuwamo. Hili ndilo lililonigeuza kuhusu Mkama Ndume, maana nilikuwa nimekaribia kumfuta kwa sababu jina lake ni la utani wa kashfa. Jina la utani linaweza kumfunika mtu wa kweli, na mtu huyo asingelichonga kwenye mihrabu yake. Ina maana hata tukipata kesho jiwe Pujini limeandikwa Sultani fulani bin fulani, hatutaweza kusema "huyu ndiye" bila ya daraja la kuunganisha majina mawili. Ali alipona kwa sababu Tarikhi ililihifadhi jina lake la kawaida pembeni ya lile la utani.

Kwa Mkama Ndume daraja pekee ni Mohamed bin Abdulrahman. Na hilo, kwa mti wangu wa Januari, halikunifikia kwa njia nyingine yoyote isipokuwa vitabu. Huenda waandishi wa kwanza walihadithiwa na mtu aliyelijua kweli. Lakini ni jina ambalo karne yoyote Pemba imekuwa na watu wake wengi, kwa hiyo hata likionekana kwenye jiwe, lingekuwa na uzito mdogo.

Gharama: gari na chakula, 15,000.

Jumamosi, 10 Mei. Wareno walikaa kimya, tusemeje?

Mvua za masika zimetufungia ndani, nimesoma. Kijana wetu mmoja alileta hoja nzuri: Wareno walifika pwani hii 1498, kama palikuwa na dhalimu mkubwa Pemba, mbona hawakumwandika?

Nilitaka kukubali. Kisha nikamsoma Duarte Barbosa, aliyeandika kiasi cha 1516. Anaitaja Pemba pamoja na Mafia na Unguja kwa pumzi moja: vyakula tele, mashua za kushonwa kwa kamba, tanga za mkeka, wanawake wenye vito vya dhahabu. Anasema visiwa vina wafalme wao. Hakumtaja hata mmoja kwa jina. Ukimya wa mtu ambaye hakumtaja yeyote haumfuti yeyote. Ungekuwa na nguvu kama angeorodhesha wafalme wa Pemba na Mkama Ndume asiwemo.

Barbosa anatoa kitu kingine, lakini. Anasema watu wa visiwa hivi ni dhaifu, silaha zao chache na duni. Ukikaa juu ya boma la Pujini ukalitazama handaki, maneno hayo hayaingii. Ama hakufika, ama Pujini ilikwisha pungua nguvu alipoandika, ama ngome ile ilikuwa jambo la mtu mmoja lisilofanana na Pemba nyingine. Hili la tatu lingefaa sana kwa hadithi yetu, na kwa sababu hiyo hiyo nimeliwekea alama nyekundu.

Nimejaribu pia uzi wa mtoto. Masimulizi yanasema Haruni, aliyezikwa Chwaka upande wa Tumbe, alikuwa mwanawe. Mji wa Chwaka ulikuwapo kuanzia karne ya 11 hadi kiasi cha 1500, kwa hiyo kwa wakati inawezekana. Ila kuyaoanisha magofu mawili makubwa kwa kusema "huyu baba, huyu mtoto" ni njia ya kawaida ya kukumbuka, kama tunavyosema vijiji viwili ni ndugu. Inawezekana, sikupata zaidi ya hapo.

Jumamosi, 21 Juni. Maneno ya kibao

Tumekaa barazani, vijana na wazee wanne. Niliigawa hadithi vipande na kwa kila kipande nikauliza: je, msimuliaji angeweza kukitunga kwa kulitazama gofu tu? Ukuta wa kisima unaonekana. Wake wawili wanaueleza. Mawe yanaonekana, na ni mengi. Adhabu inaeleza wingi wake. Handaki linaonekana, udhalimu unalieleza. Kila kipande kimeegemea kitu cha kuonekana. Na siwa ya chini ya ardhi, ambayo ingekuwa ushahidi mkubwa kama wazee wangu wangeijua kabla ya kuambiwa, hakuna hata mmoja wa wale wanne wa masimulizi ya nyumbani aliyeitaja.

Kipande kimoja tu hakiegemei jiwe: kwamba watu walimchukia. Ngome inaweza kuachwa na sifa njema, na magofu mengi hapa husemwa ni ya masharifu na watu wema. Hapa imebaki chuki, pamoja na mama wanaotishia watoto. Nadhani hiyo ndiyo kumbukumbu ya kweli iliyo ndani ya hadithi, ingawa siwezi kuithibitisha na sikuitia kwenye kibao.

Mzee mmoja hakuridhika. "Mwalimu, sasa unatuambia hakuwapo?" Nikamwambia: "Hapana, babu. Aliyejenga alikuwapo. Kama akiitwa hivyo na watu wake, sijui. Ya mawe na wake zake, siwezi kuyaapia." Akafikiri. "Basi andika kwamba tunasema sisi. Usiandike kwamba hatusemi."

Maneno yaliyokubaliwa: "Ngome hii ilijengwa katika karne ya 15 na mtawala mwenye nguvu. Watu wa Pemba humwita Mkama Ndume na husimulia ukali wake. Habari za maisha yake zimetufikia kwa masimulizi, na hakuna maandishi ya wakati wake yaliyopatikana." Nimeacha "mfalme wa Pemba", kwa kuwa Barbosa anasema wafalme tu, na hakuna aliyenionyesha kwamba wa Pujini alitawala kisiwa kizima. Nimeacha pia Mohamed bin Abdulrahman.

Gharama ya ubao, rangi na fundi: 90,000. Jumla tangu Januari, 227,000.

Jumatano, 2 Julai

Kibao kimesimama. Fundi amekosea herufi moja: ameandika "Mkana Ndume". Amechukua brashi, anarudi kesho.